Mlango wa Chumba Namba Nne

Niliitwa kutengeneza mlango, si kutafuta mwizi. Mama Nanyaro alinipigia asubuhi, sauti ikikatika kwa mtandao mbovu wa Ngarenanyuki: "Fundi, njoo na randa yako. Mlango wa namba nne umevunjwa."

Loji yake ina vyumba sita, nyuma ya Mlima Meru. Vuli ilikuwa imeanza usiku ule, korongo limejaa, gari la polisi limekwama ng'ambo. Mimi nilivuka kwa miguu, bodaboda akabaki upande wa pili.

Nikawakuta barazani. Baraka, dalali wa tanzanaiti, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mwenzake, Lomayani, hataki hata kumtazama. Mawe yalikuwa mali kauli: Lomayani ameyatoa Mererani kwa kuaminiwa tu, akampa Baraka ayaonyeshe kwa mnunuzi. Sasa kifuko hakipo.

"Alijifungia mwenyewe," Lomayani akasema. "Dirisha lina nondo na wavu wa mbu, mzima. Mlango umesukumwa na wanaume wawili ndipo ukafunguka. Mwizi kapita wapi, kwenye bomba?"

Baraka alikuwa amelewa, hilo hakukana. Saa tatu usiku mlinzi alimkokota hadi mlangoni, akamsikia akisukuma komeo kwa ndani. "Mimi hata nikilewa nafunga," Baraka akasema, na kwa bahati mbaya neno hilo ndilo lililomfunga zaidi.

Asubuhi hakuitika. Eliya, msimamizi, akamwita mlinzi, wakaupiga mlango bega mara tatu. Mlinzi alinionyesha bega lake, limevimba.

Nikaingia. Nilikuwa nimeutengeneza mlango ule mwenyewe mwaka jana, wa mbao za msonobari ambazo hazijakauka vizuri. Nilimwambia Mama aupake rangi hata kwenye kingo za juu na chini, hakupaka. Mbao ya namna hiyo ikinywa maji hutanuka kwa upana, urefu wake haubadiliki sana. Upande wa kitasa, mlango ulikuwa umekwaruza fremu mpaka umeacha mng'aro mpya. Basi hata usingefungwa, bega lingehitajika.

Komeo lenyewe lilikuwa limetoka nje kama limefungwa, limenyooka kama rula. Kipokeo chake, kile kichuma cha kwenye fremu, kilikuwa sakafuni hatua moja ndani. Karibu yake skrubu nne.

Nikaziokota. Nusu inchi.

Mimi sifungi kipokeo kwa skrubu za nusu inchi. Nilitumia za inchi moja na nusu, na nikichomeka msumari kwenye matundu ya fremu ulizama kote. Skrubu ndefu iking'olewa kwa nguvu huchana mbao. Matundu yale yalikuwa safi, mdomo wake haujachanika. Kuna mtu alizifungua kwa bisibisi mchana, akarudisha fupi kwa kulegeza, zishike kichuma kisianguke tu. Baraka alifunga komeo kweli. Alilifunga hewani.

"Au zililegea zenyewe, zikang'oka asubuhi tuliposukuma," Eliya akasema.

Hapo nikapiga magoti. Taa ya sola ilikuwa imewaka usiku kucha, na sakafu nzima ilijaa mabawa ya kumbikumbi, waliopita kwenye uwazi wa chini ya mlango kufuata mwanga. Juu ya kipokeo kulikuwa na mabawa. Nikakinyanyua polepole kwa ncha ya kisu. Chini yake saruji tupu, hata bawa moja.

"Mama, kumbikumbi walitoka saa ngapi?"

"Mvua ya kwanza ilipokatika. Saa nne. Tuliwafagia mpaka jikoni."

Kwa hiyo kichuma kilianguka kabla ya saa nne, wala si asubuhi. Mtu alisukuma mlango taratibu, akachukua kifuko, akauvuta nyuma yake. Mvua ya pili, ya alfajiri, ndiyo iliyoubana. Hiyo nadhani ilimfaa zaidi ya alivyopanga.

Kati ya saa tatu na saa nne wote walikuwa sebuleni wakiangalia mpira. Nikauliza ni nani alitoka. Mlinzi akakuna shingo.

"Umeme ulififia. Eliya akaenda kuwasha jenereta."

"Akakaa sana?"

"Kipindi cha pili chote."

Eliya hakusema kitu. Mama Nanyaro alikwenda mwenyewe chumba cha jenereta, na kanga yake imelowa mpaka magotini. Akarudi na kopo la maziwa ya unga. Akalimimina mezani mbele ya Lomayani: kitambaa kilichofungwa fundo, bisibisi, na skrubu nne ndefu zenye rangi ya fremu vichwani.

Lomayani akahesabu mawe. Mimi nikachukua skrubu zangu, nikarudi mlangoni.