Kuhusu ombi lako la kazi ya mapokezi, Shela

Asalaam aleikum Bi. Mwanaisha,

Nimepokea ombi lako la kazi ya karani wa mapokezi katika hoteli yetu hapa Shela. Wasifu wako nimeusoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani umekosea tangazo. Miaka 11 Mombasa, 4 kati ya hiyo ukiwa naibu meneja, na Kijerumani juu yake!

Basi nikueleze wazi kabla hujatoa nauli ya basi na boti. Mshahara ni shilingi 38,000 kwa mwezi, kabla ya makato ya NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba. Naweza kusogea hadi 41,000. Zaidi ya hapo sina ruhusa. Chumba na chakula cha mchana ni juu yetu. Mei na Juni, masika yakishika, tunafunga na kulipa nusu mshahara.

Daraja ni la chini. Utashika zamu, za usiku pia, utaandikisha wageni na kuwapokea jetini mizigo ikiteremshwa. Mkuu wako atakuwa kijana wa miaka 27, hodari, lakini wa aina yake umewasimamia wewe. Cheo cha juu hakitapatikana mwaka huu, nami sitaki kukupa ahadi ya uongo.

Huenda unarudi nyumbani kwa sababu zako, na si lazima unieleze. Kama bado unaitaka, nijibu kwa wasap kabla ya Alhamisi tupange kuzungumza kwa simu. Ukiona haikufai, niambie vilevile, sitakuwa na kinyongo.

Swaleh
Idara ya Wafanyakazi