Orodha ya Kukagua Lokesheni: Nyumba ya Ghorofa, Mji wa Kale, Mombasa

Filamu fupi, kikosi watu 9, waigizaji 3. Tunapiga picha Jumapili ya pili ya Julai, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ukaguzi ni Jumapili inayotangulia, kwa sababu mtaa wa Jumapili si mtaa wa Jumatano. Wanaokwenda: mwelekezi, mpiga picha, mtu wa sauti na mimi msimamizi. Tubebe futi, tochi, chaki, chaja ya simu na simu yenye dira.

MWANGAZA
☐ Tia alama ya chaki uani. Piga picha ukiwa papo hapo saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi.
☐ Madirisha yanaelekea wapi? Julai jua la mchana kwetu huegemea kaskazini, kwa hiyo chumba cha kusini kitakuwa na mwanga mpole siku nzima. Onyesho la bibi na mjukuu tulitafutie chumba hicho.
☐ Ukuta wa mkabala una rangi gani? Kichochoro ni chembamba, na mwanga mwingi unaoingia sebuleni umegonga ukuta wa jirani kwanza. Chokaa nyeupe itatufaa. Kijani itapaka nyuso za watu.
☐ Ni msimu wa kusi, manyunyu huja bila hodi. Vifaa vitakimbilia wapi?
☐ Chumba cha kamera kisiwe na AC. Ukiitoa kwenye baridi hadi uani, lenzi hujaa ukungu.

SAUTI
☐ Kaeni kimya dakika tano, macho mmefumba, kila mtu aandike alichosikia. Kunguru, tuktuk, redio ya jirani, watoto wa chuo, pampu ya maji.
☐ Andika saa za adhana za msikiti wa karibu. Adhuhuri huja mara baada ya saa sita na nusu, Alasiri kabla ya saa kumi. Hizo si kero za kukwepa: tunasimamisha kazi, wanaoswali wanakwenda, wengine wanakula. Ratiba ijengwe juu yake.
☐ Piga kofi katikati ya kila chumba. Sebule yenye dari ndefu na sakafu tupu hutoa mwangwi. Hesabu mazulia na mablanketi.
☐ Paa ni la mabati? Mvua ikinyesha hakuna mazungumzo yatakayorekodiwa.
☐ Friji inazimika bila kuharibu chakula cha wenyewe? Atakayeizima aweke funguo za gari ndani yake, asiondoke bila kuiwasha.

STIMA
☐ Jaribu kila soketi kwa chaja, usiishie kuziangalia. Zilizo mbovu zitie alama.
☐ Taa zetu mbili za wati 300, chaja na kompyuta hazifiki wati 1,000. Birika la chai na pasi ya mavazi visichomekwe kwenye ekstensheni ya taa.
☐ Nyaya za zamani, soketi yenye weusi au joto: usiitumie.
☐ Soma mita ya tokeni. Tununue zetu, tusiwamalizie wenyewe.
☐ Stima ikikatika, jenereta itakaa wapi mbali na maikrofoni? Kama hakuna pahali, tuje na betri za ziada.

KUFIKA NA RUHUSA
☐ Gari linaishia wapi, na ni hatua ngapi hadi mlangoni? Zihesabu. Mkokoteni unapita?
☐ Pima mlango na ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni wima. Kasha la taa lipande bila kukwaruza ukuta.
☐ Mwenye nyumba ni nani hasa? Nyumba ya urithi ina ndugu wengi. Mwenye ufunguo akikubali, muulize kama ndugu zake wanajua.
☐ Wazee wa barazani wasalimiwe na waelezwe siku ya ukaguzi, kabla hawajaona kamera.
☐ Nakala ya kibali cha kupiga filamu iwe mkononi. Ngome ya Yesu isionekane kama seti yetu. Ina ruhusa yake, ya Makavazi.

CHOO
Hapa ndipo ninapokataa nyumba nzuri. Mwaka mmoja tulipiga picha kwenye jengo ambalo choo kilifungwa na mlinzi akaondoka. Dada wa vipodozi aliacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda. Saa tisa, kwenye joto, alianguka na brashi mkononi. Kosa lilikuwa langu, sikuuliza.

☐ Ingia, funga mlango, washa taa. Komeo linashika?
☐ Maji yanatoka sasa hivi? Fungua bomba mwenyewe. Kama ni ya mkokoteni, tununue mitungi ya watu 12 na kopo la kutawadhia.
☐ Sabuni, karatasi na pipa lenye kifuniko tunaleta sisi.
☐ Njia ya chooni inapita chumba cha kulala cha wenyewe? Omba njia nyingine, au omba ruhusa ya wazi kwa mama mwenye nyumba, akina dada wakiwepo.
☐ Choo ni kimoja tu? Tafuta cha pili kwa jirani, ukubaliane malipo siku hiyohiyo na uandike jina la atakayefungua.