Namna ya kujibu wateja kwenye peji zetu: insta, fesibuku na wasap ya duka

Habari zenu wote. Hii ni ya kila anayeshika simu ya duka, awe wa zamu ya asubuhi, wa jioni, au anayemshikia mwenzake akienda kula. Someni yote alafu mwenye swali aulize kwenye grupu, asinifate pembeni, maana swali lako huenda na mwenzako analo.

Kabla ya yote muelewe mtu anayetuandikia yupo kwenye hali gani. Yuko Mwanza, au Mtwara, au hata Mbagala tu hapo, dukani Kariakoo hajawahi kufika, ameona picha ya friji na anataka kutuma laki sita kwa watu asiowajua huku kichwani ana stori ya shemeji yake aliyetuma hela akablokiwa. Yani anaogopa kutapeliwa. Kila unachoandika kinampunguzia hiyo hofu au kinamuongezea, na karibu sheria zote hapa chini zinatokea hapo.

LUGHA

Jibu salamu kwanza, na ujibu kama alivyoitoa. Akisema mambo, sema poa. Akisema asalaam aleikum, jibu waaleikum salaam. Akikuamkia shikamoo, itikia marahaba hata kama una miaka 22, usianze kumhoji ana miaka mingapi. Ila wewe ukimwamkia mtu shikamoo kwa kuangalia picha ya profaili unaweza kuchekesha, hiyo picha huenda ni ya bibi yake, kwaiyo anza na "Habari, karibu sana" inatosha.

Kuhusu kuitana: dada, kaka, mama, baba tumia pale tu alipojitambulisha au umesikia sauti yake. Akaunti yenye jina la mume mara nyingi anayechati ni mke. Ukiwa hujui, "karibu" na "wewe" vinaenda vizuri bila cheo chochote. Na naomba tuache kabisa kipenzi, mrembo, mpenzi, handsamu. Najua maduka mengi ya insta wanatumia, sisi hapana, kuna mtu mume wake anasoma hizo meseji usiku.

Usijibu neno moja. Mteja akiuliza "hili jiko bado lipo?" ukamjibu "Lipo" ni kama umemfungulia mlango ukarudi kulala. Jibu hivi:

"Poa, karibu. Jiko lipo, pleti mbili, 85,000, waranti mwaka mmoja. Uko wapi tukuambie na gharama ya kukufikishia?"

Hapo ameshapata bei, waranti na swali la kujibu. Anayeandika kwa mkato (xaxa, cjui, bei gan) msimuige na msimsahihishe, wewe andika Kiswahili kilichonyooka. Akituma voisi isikilize YOTE hata ikiwa ya dakika nne, namba ya simu na mtaa huwa anavitaja mwishoni. Akiwa mtu wa voisi tu huenda kusoma kunamsumbua, mjibu kwa voisi, ila bei na namba za malipo ziandike pia.

Saa ziandikwe kwa Kiswahili na zitajwe za lini: saa 4 asubuhi, saa 10 jioni. Tukiandika 10:00 tupu kuna anayeelewa asubuhi na kuna anayeelewa jioni, bodaboda anaenda kukaa getini kwa mtu bure.

BEI KWENYE KOMENTI

Mtu akiuliza bei kwenye komenti, bei inaandikwa HAPO HAPO kwenye komenti. Hakuna "njoo inboksi". Watu wanachukia hiyo kitu, wanajua tunapima mtu kwa sura ndo tutaje bei, na sababu ya pili ni kubwa zaidi: kuna matapeli wanakaa kwenye komenti zetu. Wanafungua peji yenye picha zetu na jina linalofanana, wanaangalia nani ameuliza bei, wanamfata inboksi wao kabla yetu. Sisi tukimwambia mtu asubiri inboksi ndo tunamfungulia tapeli njia. Kwaiyo bei kwenye komenti, na kamwe usiombe namba ya simu ya mteja hadharani. Yeye akiiandika mwenyewe, ifiche hiyo komenti alafu mwambie inboksi kwanini umeificha.

Komenti ya malalamiko haifutwi. Narudia, haifutwi. Jibu pale pale kwa kifupi ("Pole kwa usumbufu, tumekuandikia inboksi sasa hivi tulimalize") alafu kweli umwandikie, sio unaandika hivo ili waliopo waone. Zinazofutwa ni matusi, namba za matapeli na matangazo ya waganga.

KASI

Tunajibu saa 2 asubuhi mpaka saa 2 usiku, Jumapili saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Ndani ya huo muda wasap isizidi dakika 10, inboksi na komenti dakika 30. Usiku kuna meseji ya kujijibu yenyewe, ambayo inataja saa tutakayorudi, kwaiyo zamu ya asubuhi kazi ya kwanza kabla ya chai ni za usiku, ukianza na ya zamani kabisa.

Ukifungua meseji umeshamuonyesha mteja tiki za bluu. Kama huwezi kujibu muda huo usifungue. Na kama huna jibu, mwambie unalifata na utarudi saa ngapi: "Naulizia stoo kama rangi nyeusi ipo, nakujibu kabla ya saa 8 mchana." Saa 8 ikifika hujapata jibu, bado unarudi kumwambia hujapata. Mtu anavumilia kusubiri, asichovumilia ni kimya baada ya kutuma hela.

Maswali yanayojirudia msiandike upya kila mara. Kwenye wasap ya duka ukiandika / inakuletea majibu tuliyoyahifadhi:

```
/lipa
/ramani
/mikoani
/waranti
```

Ila soma kabla ya kutuma. Mtu anasema blenda imeungua afu anapewa ramani ya kufika dukani na maua matatu, hiyo ni aibu.

Mwisho wa mwezi, wiki ya mwisho ya Ramadhani na Desemba kabla watu hawajapanda mabasi kwenda kwao, meseji zinamiminika, hapo tunakuwa wawili kwenye simu, na anayeulizia mzigo alioshalipia anatangulia mbele ya anayeuliza bei. Hata kama anayeuliza bei anaonekana ana hela.

HELA

Malipo yanaenda lipa namba ya duka tu, na mkumbushe mteja aangalie jina la duka linalotokea kabla hajaweka namba ya siri. Hatupokei kwa namba ya mtu binafsi, hata yangu. Ukikutwa umempa mteja namba yako apitishie hela hatutakuwa na maongezi marefu.

Skrinishoti ya muamala sio malipo. Meseji ya kufoji inatengenezwa kwa dakika mbili na inafanana kabisa. Mjibu "Asante, tunahakiki, nakujibu muda si mrefu", peleka kwa dada wa hesabu na mzigo hautoki mpaka yeye aandike IMEINGIA kwenye grupu. Mteja akikasirika kwanini hatumuamini, usiingie kwenye ubishi, sema ni utaratibu wa kila mteja, na ni kweli.

Akisema ametuma kimakosa kwenda namba nyingine, muelekeze apige haraka huduma kwa wateja ya mtandao wake, sisi hatuwezi kuirudisha na tusimuahidi. Akisema katapeliwa na peji feki yenye jina letu, mpe pole ya kweli, omba skrinishoti, mwambie atume ile namba ya tapeli kwenda 15040 ya TCRA na aripoti polisi, alafu nijulishe mimi siku hiyo hiyo tuiripoti peji. Msiandike "hiyo sio sisi" mkaishia hapo.

Risiti ya EFD kila mteja anapata, wa mkoani inawekwa ndani ya boksi na picha anatumiwa. Mzigo ukienda kwa basi anatumiwa picha ya risiti ya basi, namba ya gari na muda linapotoka Mbezi.

KUPANDISHA SUALA JUU

Mengi mnaweza kuyamaliza wenyewe: mzigo kuchelewa, kubadili rangi, kurudisha nauli ya dilivari isiyozidi 10,000 kama kosa ni letu. Hiyo toeni bila kuniuliza. Kitu kikiharibika ndani ya waranti mpeleke kwa fundi na umwambie mteja fundi atampigia saa ngapi.

Yafuatayo yanakuja kwangu, na yanakuja kwa SIMU, sio kwa meseji nitakayoiona kesho:

Gesi au umeme. Mtu akisema jiko linavuja, linanuka, friji inapiga shoti, au mtu ameumia, acha kila kitu. Usiulize namba ya risiti. Ya gesi muandikie hivi: "Funga mtungi sasa hivi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, tokeni nje. Harufu ikiwa kali piga Zimamoto 114 ukiwa nje." Alafu nipigie, hata saa 9 usiku. Ya umeme: asiiguse, azime mein switi kama anaifikia salama.

Anayetaja mwanasheria, polisi, TRA, Tume ya Ushindani au mwandishi wa habari. Usibishane, usiombe msamaha kwa niaba ya duka, usikiri kitu. "Nimekupata, namfikishia msimamizi, atakupigia leo." Basi.

Anayetaka taarifa za mteja mwingine. Hii inatokea kuliko mnavyodhani: mtu anauliza "mume wangu alinunua friji kwenu wiki iliyopita, mliipeleka wapi?" Jibu ni hatutoi, na usiseme hata kama alinunua au hakununua. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata ingekuwa haipo tusingeenda kuvunja ndoa za watu kwa friji. Hata polisi akiandika inboksi, mwambie karibu dukani aonane na msimamizi.

Na mteja aliyelalamika jambo lile lile mara ya tatu. Hapo sisi ndo tumeshindwa mara mbili, mpigie simu mwenyewe au nipe mimi nimpigie, kuchati kumeisha kazi.

Akitukana: mara ya kwanza jibu shida yake, tusi lipite. Akiendelea mwambie unampa msimamizi, nyamaza, nipe. Hakuna kumblokia mteja ambaye suala lake la hela au mzigo na sisi halijaisha, ruhusa ya kubloki naitoa mimi.

KUKABIDHIANA ZAMU

Saa 8 mchana anayeondoka anaweka lebo kwenye kila chati ambayo haijaisha: AMELIPA, ANASUBIRI STOO, MALALAMIKO. Zenye lebo ya MALALAMIKO unamsimulia mwenzako kwa mdomo, ili mteja asianze kueleza upya toka mwanzo. Simu iwe na chaji zaidi ya nusu na pawabenki ikabidhiwe nayo, umeme wa huku mnaujua.

Tunaanza Jumatatu. Chati za wiki ya kwanza nitazipitia zote mwenyewe, kwaiyo msishangae nikiwaita mmoja mmoja.