Barua ya shukrani kwa waliopamba ukumbi usiku wa mkesha wa Pasaka

Kutoka: Baraza la Kanisa
Kwa: Ndugu wote 17 mliojitolea kupamba ukumbi
Jumatano baada ya Pasaka

YAH: SHUKRANI KWA KAZI YA USIKU WA JUMAMOSI

Wapendwa katika Kristo,

Bwana Yesu asifiwe.

Baraza lilikutana jana jioni, na kabla ya ajenda yoyote kusomwa, wajumbe waliomba tuwaandikie ninyi kwanza. Tangazo la Jumapili madhabahuni lilikuwa la sentensi moja, nalo halikutosha. Tunaiandika barua hii ili kila mmoja wenu awe na nakala yake mkononi.

Tuanze na jambo linalotuhusu sisi. Ninyi hamkupaswa kufanya kazi ile usiku. Tangu paa la kanisa lilipoanza kubadilishwa, sote tulijua kwamba ibada ya Pasaka ingefanyika ukumbini, na mlikuwa mmeomba ukumbi kuanzia Jumamosi saa 6 mchana. Baraza likakubali. Kisha baraza hilihilo likaruhusu semina itumie ukumbi siku hiyohiyo mpaka jioni, bila kuangalia kalenda yake lenyewe. Semina ikarefuka. Mlifika mchana mkiwa na vitambaa, ndoo na ngazi, mkakuta milango imefungwa na watu wamo ndani. Mliingia saa 3:40 usiku, na ibada ya kwanza ilikuwa saa 12 asubuhi. Kosa hilo ni letu, wala hatutaki kulifunika kwa maneno mazuri ya shukrani. Tunaomba mtusamehe.

Hata hivyo, hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani. Mngeweza kusema kwamba muda umepita, vitandikwe vitambaa viwili juu ya meza na yatosha, na nani angewalaumu? Badala yake mlianza kwa kufagia.

Tunaujua ukumbi wetu. Kuta zimechoka, taa ni kali, viti vya plastiki havilingani rangi, na jukwaa lilijengwa kwa ajili ya mikutano. Ijumaa Kuu tulisali humo mbele ya meza tupu na msalaba uliofunikwa kitambaa cheusi, na ilifaa kuwa hivyo. Lakini asubuhi ya Ufufuko haiwezi kukaa mahali pale katika hali ile. Zambarau ya Kwaresima na weusi wa Ijumaa Kuu hupisha rangi nyeupe, na mtu anayeingia mlangoni alfajiri anapaswa kuyaona mabadiliko hayo kwa macho kabla mhubiri hajafungua kinywa. Hiyo ndiyo kazi tuliyowapa, nasi tukawapunguzia saa karibu kumi za kuifanya.

Mjumbe wetu mmoja alikaa nanyi mpaka mwisho, naye alitusimulia mengi jana. Alisema kwamba saa 5 hivi, pasi mbili na taa zote za mapambo zilipochomekwa kwenye ekstensheni moja, swichi kuu ilijikata na ukumbi mzima ukawa giza. Hakuna aliyepiga kelele. Aliyekuwa juu ya ngazi aliambiwa asisogeze mguu, wawili waliokuwa wameishika wakaendelea kuishika, na mmoja wenu akawasha tochi ya simu akaimulika miguu yake mpaka akashuka salama. Baadaye fundi wetu akazigawa pasi na taa kwenye soketi tofauti, nanyi mkakubaliana kwamba pasi ikiwa moto, taa zizimwe. Tunawashukuru kwa utulivu huo. Hakuna pambo ambalo lingetufariji kama mtu angeanguka.

Alitusimulia pia habari za kitambaa cha ukuta wa nyuma. Kilikuwa kifupi kwa karibu mita 3 upande wa kushoto, na saa hizo hakukuwa na mahali pa kupata kingine. Mama mmoja wa kundi lenu alikaa sakafuni, akafumua pindo la kitambaa cha akiba, akakiunganisha na kile kikubwa kwa sindano na uzi, mkono mtupu, huku binti yake akimshikia tochi. Jumapili baada ya ibada, mwenyekiti wetu alikwenda kuutafuta muungano ule. Akiwa hatua mbili kutoka ukutani hakuuona. Ilimbidi ashike kitambaa na kukipitisha vidoleni, ndipo akakutana na mishono midogo iliyosimama sawasawa kama imepigwa na cherehani, na mikunjo ya satini ikiwa imepangwa makusudi ili iangukie hapo. Mama, watu zaidi ya 400 walikaa mbele ya mshono wako siku ile na hawakujua kama upo. Sisi tunajua.

Nanyi mlioshughulikia maua, tumejifunza kwenu. Wengi wetu tulidhani kazi ni kuyatia ndooni tu. Mjumbe wetu aliwaona mkikata kila shina mshazari, mkitoa majani yote ambayo yangezama majini ili yasioze, mkabadilisha maji na kuyaweka maua mbali na madirisha ya upande wa mawio. Ndiyo maana maua ya Jumapili yalikuwa bado yamesimama Jumatatu, tulipoyagawa kwa wagonjwa wa usharika wetu majumbani. Shina moja moja limefika mahali ambapo hamkupanga lifike. Na aliyesogeza mishumaa yote umbali wa mkono mzima kutoka kwenye neti na vitambaa, tunakushukuru kwa namna ya pekee, maana mpangilio wa kwanza ulipendeza zaidi lakini ulitutia hofu.

Katika kitabu cha Kutoka, mtu wa kwanza anayetajwa kuwa Mungu amemjaza Roho yake kwa ajili ya kazi ya hema ni fundi: Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na pamoja naye Oholiabu wa kabila la Dani. Roho alimjaza ili achonge, ashone na kubuni. Sura ya 35 inawataja pia wanawake waliosokota kwa mikono yao. Na katika sura ya 36 watu wanaleta vitu vingi mno mpaka Musa anatoa amri kambini kwamba waache kuleta. Tulikumbuka habari hiyo kwa sababu saa 7 usiku mchungaji aliwapigia simu kuwaomba mwache yaliyobaki mkalale, nanyi mkamjibu kwamba imebaki meza ya mlangoni tu. Mlimaliza saa 8:20. Kwa vijana wa kwaya, ambao baada ya saa nne walikuwa wamesimama tena wakiimba, tunawakumbusha waimbaji wa hekalu katika 1 Nyakati 9, walioachiliwa kazi nyingine kwa sababu ya utumishi wao wa mchana na usiku. Ninyi hamkuachiliwa kazi nyingine yoyote, na sauti zenu hazikukwama.

Tunataka mjue jinsi ilivyokuwa asubuhi, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa nyuma au jikoni na hamkuona nyuso za watu wakiingia. Tuliamua kuziacha taa kubwa zimezimwa mpaka wimbo wa kwanza, kama mlivyoshauri. Watu waliingia wakinong'ona. Walipouona ule weupe ukutani na mwanga mdogo juu ya msalaba, wengi walisimama mlangoni kidogo, na wahudumu wa zamu walipata shida ya kuwasogeza mbele.

Yupo mzee mmoja wa usharika wetu, hatutamtaja, aliyemzika mkewe mwaka huu, na waombolezaji walikaa katika ukumbi huu huu. Tangu siku hiyo hakuwa amekanyaga hapa. Jumapili alikuja, akakaa safu ya tatu kutoka nyuma mpaka mwisho wa ibada. Alipokuwa akitoka alimshika mkono mzee wa zamu, akamwambia, "Hapa si pale nilipokaa siku ile." Hakuongeza neno, akaenda zake. Tumeiandika kauli yake katika kumbukumbu za kikao, nasi tunaileta kwenu kwa ruhusa yake.

Shukrani zetu haziishii kwa waliokuwamo ndani. Tunamshukuru mlinzi aliyeacha lango wazi saa zote hizo na kuwasindikiza akina dada mpaka kwenye gari. Tunawashukuru wawili mliowarudisha wenzenu majumbani, mkazunguka mara tatu, na wa mwisho kufika kwake akafika karibu saa 10. Tunawashukuru pia waume, wake, bibi na dada wakubwa waliobaki na watoto usiku ule. Tafadhali wasomeeni barua hii.

Sasa maamuzi ya kikao, maana shukrani bila kurekebisha chochote ingewachosha. Kuanzia sasa ukumbi hautatolewa kwa shughuli nyingine yoyote siku ya mkesha wa Pasaka, Pentekoste na Krismasi, na kalenda itabandikwa mlangoni ili kila mtu aione. Waliotoa fedha mfukoni kununua pini, utepe, uzi na sponji za maua wamwone mhazini. Asiye na risiti aandike tu kiasi kwenye karatasi, neno lake linatutosha. Tunajua baadhi yenu mtasema ni sadaka. Tutaipokea kama sadaka, ila mtuambie wenyewe, tusikisie. Kabati la chumba cha nyuma tumelikabidhi kwa kundi lenu pamoja na ufunguo wake, ili vitambaa visirudishwe tena kwenye magunia.

Jumapili ijayo, katika ibada ya pili, tunaomba mje mbele wote 17 muombewe. Msivae sare wala kuandaa wimbo. Njooni tu.

Kitambaa cheupe cha madhabahu kitabaki mpaka mkesha wa Pentekoste, siku ya 50 ya majira ya Pasaka, kisha tutaweka chekundu cha Pentekoste. Mapambo mengine yatashushwa Jumamosi hii saa 3 asubuhi, na kazi hiyo tumejipa sisi wajumbe wa baraza. Tutapanda ngazi wenyewe, wawili wakiishika kama mlivyofanya ninyi. Tunaomba watu wawili tu kutoka kwenu waje wakae kitini na kutuelekeza jinsi ya kukunja satini isiache alama, na yule mama wa mshono atuambie kama muungano ule ufumuliwe au uachwe ulivyo.

Wenu katika utumishi wa Bwana,

Mwenyekiti wa Baraza la Kanisa
Katibu wa Baraza la Kanisa
kwa niaba ya wajumbe wote

Nakala: Mchungaji; Mhazini; Kiongozi wa kwaya; Mlinzi wa zamu ya usiku