Majibu ya kipimo cha ukuaji wa mtoto na mtiririko wa damu kwenye kitovu

Moshi, Jumanne 11 Novemba 2025

Mama: miaka 27, mimba ya pili, anaishi Marangu. Shinikizo la damu leo 136/86. Mkojo hauna protini.
Umri wa mimba: wiki 32 kamili, kwa ultrasaundi ya mwanzo iliyopigwa wiki ya 11. Tarehe ya matarajio 6 Januari 2026.
Mtoto: mmoja, ametanguliza kichwa. Mapigo ya moyo 142 kwa dakika. Amecheza vizuri wakati wa kipimo.
Mzingo wa kichwa (HC): mm 285. Mzingo wa tumbo (AC): mm 248. Mfupa wa paja (FL): mm 57.
Uzito wa kukadiria (EFW): gramu 1,435, chini ya mstari wa 3. Wiki ya 29 ulikuwa gramu 1,120.
Maji ya uzazi: dimbwi lenye kina kirefu zaidi sm 3.1, yanatosha.
Ateri ya kitovu (UA): PI 1.48, juu ya kiwango. Damu inapita hadi mwisho wa pigo, ila kidogo.
Ateri ya ubongo (MCA): PI 1.41, mpakani kwa chini. Uwiano wa ubongo na kitovu (CPR): 0.95, umeshuka.
Mshipa wa kuingilia moyoni (DV): mawimbi ya kawaida.
Hitimisho: mtoto mdogo ambaye ukuaji wake umepungua kwa sababu ya kondo la nyuma. Mtiririko wa damu kwenye kitovu umepungua, haujakatika.

Mama, hayo ya juu ni kwa ajili ya daktari yeyote atakayekupokea. Kuanzia hapa ni maelezo yako na baba. Leo hakuwepo chumbani, na najua ukifika nyumbani utaulizwa maswali mengi na watu wengi. Wasomee haya.

Nianze na uzito. Tukiwapanga watoto 100 wa wiki 32 kuanzia mdogo hadi mkubwa, wako yumo kati ya watatu wa mwanzo. Mtoto wa kati wa umri huu hukaribia gramu 1,950. Udogo peke yake haunitishi, maana wapo watoto wadogo kwa asili, wenye wazazi wenye miili midogo, nao wanazaliwa wazima. Kinachonifanya nisimuweke wako kwenye kundi hilo ni mambo mawili. La kwanza, katika wiki tatu ameongeza gramu 315 tu, wakati wenzake huongeza zaidi ya 500. Kichwa kinakwenda karibu na umri wake, tumbo limebaki nyuma: ini linakosa akiba, na ini ndilo linalojaza tumbo la mtoto. La pili ni damu ya kwenye kitovu, na hapo ndipo penye uzito wote wa majibu haya.

Kitovu kina mishipa mitatu. Ateri mbili zinatoa damu kwa mtoto kuipeleka kwenye kondo la nyuma, na veni moja inairudisha ikiwa na hewa safi na chakula. Tulichopima kwa dopla ni ateri. Uliona nimeshika kile kifaa mahali pamoja muda mrefu bila kusema neno. Nilikuwa nasubiri mtoto atulie, kwa sababu akiwa anafanya mazoezi ya kupumua au anapiga mateke mawimbi yanavurugika na namba haiaminiki. Kisha nikachukua kipande cha kitovu kinachoelea, mbali na tumbo la mtoto na mbali na kondo, nikapata mawimbi kadhaa yanayofanana ndipo nikapima.

Vile vilima ulivyoviona vikipita kwenye skrini, kila kimoja ni pigo moja la moyo wa mtoto. Kilele ni pale moyo unaposukuma, bonde ni pale unapopumzika. Kwenye mimba yenye kondo zima, hata bondeni damu inaendelea kwenda mbele kwa wingi, kwa kuwa mishipa midogo ndani ya kondo imetanuka na inaipokea bila ubishi. Mishipa hiyo ikiwa mingi imeziba au haikukua, inakuwa kama mfereji wa shambani uliojaa tope mbele: maji yakija kwa nguvu yanapita, nguvu ikipungua yanasuasua. Hiyo PI inapima tofauti kati ya kilele na bonde. Ikipanda, maana yake kondo linakataa damu. Kwa wiki 32 tunatarajia iwe karibu na 1, na yako ni 1.48.

Ubovu huu una ngazi, na ni muhimu mjue mko ngazi gani, kwa sababu mtu akisikia "damu ya mtoto haiendi vizuri" anaweza kudhani mtoto yuko kwenye kukata roho. Mko ngazi ya kwanza: bonde limeshuka, lakini damu bado inakwenda mbele muda wote. Ngazi ya pili, bonde linagusa mstari wa chini. Yaani moyo ukipumzika, damu inasimama kabisa kwenye kitovu. Hapo mtoto anatakiwa awe anaangaliwa wodini, na mara nyingi tunamtoa wiki ya 33 au ya 34. Ngazi ya tatu ndiyo ya hatari kubwa: moyo ukipumzika damu inarudi nyuma, kutoka kwenye kondo kuelekea kwa mtoto. Huyo hasubiriwi kupita wiki ya 32, na kwa kawaida anatolewa kwa upasuaji, kwa kuwa uchungu wa kawaida, ambao kila unapobana unapunguza damu, humchosha upesi mno.

Kutoka ngazi moja kwenda nyingine kunaweza kuchukua wiki kadhaa, na kunaweza kuchukua siku chache. Ndiyo maana sikukupa tarehe ya mwezi ujao kama ulivyozoea kliniki.

Namba ya ubongo nayo ina maana yake. Mtoto anayepata kidogo hukigawa kwa akili: anafungulia mishipa ya ubongo na moyo, anabana ya ngozi, utumbo na figo. Ikianza kufunguka, PI ya ubongo inashuka. Wako ameanza kufanya hivyo, na uwiano uliopungua chini ya 1 ndio unaotuambia. Anajilinda, na bado anaweza. Mshipa wa kuingilia moyoni uko sawa, maji yanatosha, anacheza. Hizo ni habari njema za kweli, sizisemi kukufariji.

Uliniuliza kama ni chakula. Hapana. Si kwa sababu ulikuwa unatapika miezi ya mwanzo, si kwa kubeba ndizi sokoni, si kwa kulalia ubavu gani, na wala si kwa sababu uligombana na mtu. Kondo hujengeka miezi ya mwanzo kabisa, kabla hata tumbo halijaonekana, na mara nyingi kasoro huanzia huko. Shinikizo la damu, malaria, upungufu wa damu, selimundu na maambukizi fulani vinaweza kuchangia. Malaria na wingi wa damu tumepima leo, viko vizuri. Mtori na maziwa kula kwa ajili ya afya yako, ila usikubali mtu akulazimishe kula mara mbili ili "mtoto anenepe". Chakula hakifungui mishipa ya kondo. Kulala kitandani siku nzima nako hakusaidii, na kunaweza kuleta damu kuganda miguuni. Hakuna dawa inayolirudisha kondo katika hali nzuri. Tiba tuliyo nayo ni kuchagua siku ya kumtoa: asitoke mapema kuliko inavyohitajika, asikae ndani kupita uwezo wake. Dopla ya kitovu ndiyo inayotusaidia kuichagua, na kwenye mimba zenye hatari imethibitika kupunguza vifo vya watoto.

Sasa mpango. Ijumaa hii, tarehe 14, tunarudia dopla, tena Jumanne tarehe 18. Ikitulia tutaendelea mara moja kwa wiki, na uzito tutapima tena tarehe 25 ukifika wiki 34. Mambo yakibaki hivi, utajifungua si zaidi ya wiki ya 37, yaani katikati ya Desemba, na kujifungua kwa njia ya kawaida kunawezekana huku mapigo ya mtoto yakifuatiliwa muda wote. Sindano za kukomaza mapafu sijakupa leo, kwa makusudi. Zinafanya kazi vizuri zaidi mtoto akizaliwa ndani ya siku saba baada yake, na leo sioni dalili kuwa atazaliwa wiki hii. Bonde likigusa chini kabla ya wiki 34, utazipata siku hiyohiyo.

Kwa jambo la mahali nakuomba sana. Marangu ni mbali usiku, na mvua za vuli zikinyesha kupata gari ni kazi. Ulisema dada yako anakaa Pasua. Hamia kwake kuanzia wiki hii. Ukijifungulia hapa Moshi, KCMC wana wodi ya watoto njiti, na mtoto wa kilo moja na nusu huenda akahitaji joto, hewa na kulishwa kwa mpira kabla hajajua kunyonya. Baada ya hapo atakaa kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, wewe au baba kwa zamu. Baba asione haya. Joto la kifua chake linatosha.

Njoo bila kusubiri tarehe, hata saa nane za usiku, ukiona mtoto amepunguza kucheza kuliko kawaida yake. Usinywe soda kumjaribu, usisubiri asubuhi. Vivyo hivyo ukiumwa kichwa kisichotulia, ukiona giza au nyota machoni, ukisikia maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso ukivimba ghafla, damu au maji yakitoka. Shinikizo lako liko karibu na mpaka wa 140/90, na kondo la namna hii na kifafa cha mimba mara nyingi huandamana. Tutalipima kila ukija.

Mama mkwe akisema watoto wa ukoo wenu huzaliwa wadogo wakawa wakubwa, msikilize kwa heshima, kisha Ijumaa uje.

Mimba ijayo, ukijaliwa, anza kliniki mapema na uonyeshe karatasi hii, kwa kuwa kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo huanzwa kabla ya wiki ya 16.

Ijumaa njoo saa mbili asubuhi na kadi yako ya kliniki. Kunywa chai kwanza, kipimo hiki hakihitaji njaa wala kibofu kilichojaa. Baba aje naye, nitamwonyesha vilima kwenye skrini.