Ahadi Zetu za Ndoa Mbele ya Wazazi na Ndugu

Bwana harusi anasoma:

Mpenzi wangu, jina hili nimezoea kukuita tukiwa wawili tu, na leo nalitamka mbele ya wazazi wako na wangu, kwa sababu sina tena la kuficha.

Baba alipolazwa miaka 2 iliyopita, ulipitia hospitalini jioni moja ukitoka kazini, ukamkuta mama amesinzia kwenye kiti, ukavua sweta lako ukamfunika, kisha ukakaa kando yake ukiandika saa za dawa kwenye karatasi ili atakayebaki na mgonjwa usiku asikosee. Hukujua kwamba nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuwa nimekuambia bado kwamba nataka kukuoa, lakini moyo wangu uliamua jioni ile, na tangu hapo haujayumba.

Mbele ya wazazi wetu, kaka na dada zetu, na wote waliofika kutushuhudia, nakuchukua uwe mke wangu. Nakuahidi uaminifu, uwapo na usipokuwapo. Nakuahidi kwamba kipato changu utakijua, na nikiingia kwenye deni utaambiwa na mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa mtu mwingine. Najua kwamba nikikasirika hunyamaza, na ukimya huo umekuumiza zaidi ya mara moja. Siwezi kuahidi kwamba sitakasirika tena, ila naahidi kwamba sitakuacha ulale ukijiuliza umenikosea nini. Nikihitaji muda wa kutulia nitakuambia, na nikishatulia nitarudi tuzungumze.

Tukijaliwa watoto, nitawalea pamoja nawe, si kwa kutoa fedha tu, bali kwa kuwabeba, kuwaogesha na kukesha nao wakiugua. Wakichelewa, au wasipokuja kabisa, utabaki kuwa mke wangu kama ulivyo leo, na mwenye swali juu ya jambo hilo aniulize mimi.

Baba na mama mliomlea mke wangu, naomba mnipokee niwe mtoto wenu. Mkimwona amekosa raha, niiteni mniulize, nami nitakuja na kuwajibu kwa adabu na kwa ukweli.

Bibi harusi anasoma:

Mume wangu, neno hili bado ni geni mdomoni mwangu, na nafurahi kwamba nimelitamka kwa mara ya kwanza watu hawa wote wakisikia.

Wengi waliopo hapa wanakujua kuwa mtu wa maneno machache, na ni kweli. Niliposhindwa mtihani wangu wa mwisho na kuona haya hata kupokea simu, hukuja na maneno ya kunipa moyo. Ulikuja na vitabu vyangu, umevivalisha majalada mapya, ukavuta kiti ukasema, «Tuanze sura ya kwanza.» Tulisoma kila Jumamosi kwa miezi 7, nawe ulikuwa ukiniuliza maswali ya somo ambalo hukuwahi kulisomea. Nilipofaulu ulilia kuliko mimi. Nalisema hili hadharani kwa sababu nataka ndugu zangu wajue nimempata mtu wa namna gani.

Kwa hiari yangu na kwa furaha yangu yote, nakupokea uwe mume wangu. Nakuahidi uaminifu wangu, afya ikiwapo na ikipungua, riziki ikiwa nyingi au ya kuhesabu. Ukinyamaza nitakuvumilia, lakini sitachoka kukuuliza una nini, kwa kuwa mzigo unaoubeba peke yako hunilemea na mimi. Nikikukosea nitasema «nisamehe» bila kutafuta sababu ya kujitetea, jambo ambalo, wewe unajua, kwangu si jepesi. Sitakudharau mbele ya watu, wala tukiwa peke yetu. Likitokea la kutukwaza nitakueleza wewe kwanza, na likitushinda tutakwenda pamoja kwa wazee wetu, tukae, tusikilizwe sote wawili.

Mama mkwe, asante kwa kijana uliyemfundisha kufua, kupika na kuomba radhi. Baba mkwe, namshukuru Mungu kwamba umesimama leo ukiwa mzima. Nanyi baba na mama, siendi mbali nanyi hata nikihama nyumba. Nimejifunza kwenu jinsi watu wawili wanavyokaa miaka mingi wakiendelea kusalimiana asubuhi kwa upole, na ndivyo ninavyotaka kuishi na huyu.

Mume wangu, yaliyo moyoni mwangu nimeyasema. Nipe mkono wako.