YAH: UFAFANUZI WA TAREHE YA MWISHO YA RUFAA NA OMBI LA KUONGEZEWA MUDA, JALADA P/417

18 Machi 2025

Katibu wa Kamati ya Rufaa za Pensheni,

Ndugu Katibu,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Taarifa ya kukataa kujumuisha miaka 4 ya utumishi wangu wa mkataba katika hesabu ya pensheni iliandikwa tarehe 3 Machi 2025. Bahasha yake ina muhuri wa posta wa tarehe 11 Machi, nami niliipokea na kuitilia saini Ijumaa, tarehe 14 Machi.

Aya ya mwisho ya taarifa inasema rufaa iwasilishwe "ndani ya siku 21 tangu tarehe ya taarifa hii", ilhali maelezo yaliyochapwa nyuma ya karatasi hiyohiyo yanasema siku hizo zinahesabiwa "tangu mhusika alipopokea taarifa". Nikiiacha siku ya kwanza bila kuihesabu, kauli ya kwanza inaniishia tarehe 24 Machi na ya pili tarehe 4 Aprili. Hapo nimechukulia kwamba siku za mapumziko nazo zimo, jambo ambalo taarifa haikulitaja.

Kwa maoni yangu, hesabu iliyo sahihi ni ile inayoanzia siku ya kupokea, kwa kuwa mtu hawezi kukatia rufaa uamuzi asioujua, na kwa kuwa siku 8 kati ya hizo 21 zilipita kabla barua haijatumwa. Hata hivyo, sipendi kuegemea tafsiri yangu mwenyewe halafu rufaa itupwe kwa kuchelewa. Naomba nijulishwe kwa maandishi, kabla ya tarehe 24 Machi, ni tarehe ipi Kamati inaitambua.

Pamoja na ufafanuzi huo, naomba muda wa kuwasilisha sababu kamili za rufaa uongezwe hadi tarehe 14 Aprili 2025, iwe Kamati itafuata hesabu ipi. Jana niliomba nakala za mikataba yangu na orodha za mishahara ya miaka inayobishaniwa, nikajibiwa masijala kwamba zitatolewa ndani ya siku 10 za kazi, yaani kufikia tarehe 31 Machi. Makato ya pensheni ya miaka hiyo yanaonekana kwenye orodha hizo tu, na bila hizo ningekuwa nabishana kwa maneno matupu.

Ili haki yangu isipotee wakati nasubiri majibu, naambatisha hati fupi ya rufaa inayotaja uamuzi ninaoupinga na sababu kuu ya kuupinga. Naomba ipokelewe leo kama rufaa iliyowasilishwa ndani ya muda, sababu kamili zifuate baadaye. Nimeambatisha pia nakala ya bahasha yenye muhuri, kurasa zote mbili za taarifa na risiti ya maombi ya nyaraka. Tafadhali nigongeeni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala ya pili ya barua hii.

Wenu mtiifu,

Mrufani, Jalada P/417